Mwongozo Kamili: Kuchagua Fulana ya Ndani ya Baridi Kati ya Sufu, Polista na Pamba

Malalamiko ni yale yale kila msimu wa baridi. Mtu amenunua fulana nene ya ndani, laini, mbele ya pakiti imeandikwa kuwa ni ya baridi kali. Anaivaa, anatembea kwa kasi hadi kituoni, anasimama kungoja gari, na ndani ya dakika kumi mgongo umekuwa baridi kuliko alipotoka nyumbani. Mwingine hapati baridi kabisa, ila kufikia saa sita mchana hataki mwenzake amkaribie kwa sababu ya kikwapa.

Mara nyingi makosa yote mawili huanzia mahali pamoja: nguo imechaguliwa kwa kuibonyeza na vidole dukani, ikiwa kavu. Vidole vinapima ulaini na unene. Havikuambii nguo itafanya nini ikishalowa jasho, na hapo ndipo sufu, polista na pamba zinapoachana njia. Hatua zifuatazo zinahusu fulana, lakini suruali ya ndani huchaguliwa kwa njia hiyo hiyo.

## Unachohitaji

- Mizani ya jikoni inayopima kwa gramu
- Saa, kalamu na karatasi
- Taulo moja kubwa, kavu
- Kamba au hanga ya kuanikia ndani ya nyumba
- Fulana unazozivaa sasa, hata za kawaida, ili ulinganishe kabla ya kutoa pesa

Kama una fulana moja ya pamba na moja ya michezo ya polista, tayari una maabara ya kutosha. Ya sufu unaweza kuiazima kwa siku moja.

## Hatua ya 1: Andika jasho lako linatoka saa ngapi

Kabla ya kufikiria kitambaa, chukua karatasi uandike siku yako ya kawaida ya baridi. Unatembea muda gani, kwa kasi gani, umebeba nini? Baada ya hapo unasimama au unakaa kwa muda gani, nje au ndani? Utakaa na nguo hiyo saa ngapi kabla ya kuivua, na utaifua baada ya siku ngapi?

Sababu ni kwamba mtu aliye kwenye mwendo hapati shida ya baridi. Mwili wake unatengeneza joto jingi. Baridi inamkamata anaposimama akiwa amelowa. Kwa hiyo unachotafuta kwenye karatasi ni zile dakika za kusimama zinazofuata dakika za jasho. Zikiwepo, pamba imeshaondoka kwenye orodha. Zisipokuwepo, una uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua.

Umefanikiwa ukiweza kusema sentensi moja kama hii: "Natoka jasho dakika ishirini, nasimama nje robo saa, kisha nakaa ndani na nguo hiyo hiyo hadi jioni."

## Hatua ya 2: Soma lebo ya ndani, si maneno ya mbele

Maneno makubwa ya mbele ni ya kuuzia. Geuza nguo, tafuta kile kilebo kilichoshonwa ubavuni au shingoni, usome asilimia za nyuzi.

Pamba ni pamba hata ikifumwa kwa vishimo vya mraba na kuitwa nguo ya baridi. Viskosi, na nguo nyingi zinazouzwa kama za mianzi, weka kundi moja na pamba: zinafyonza maji na kuyashikilia. Polista, nailoni na polipropilini ni nyuzi za viwandani, na zenyewe karibu hazifyonzi maji. Sufu ya kuvaliwa ngozini huwa ni ya kondoo wa merino, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba. Elasteni asilimia 2 hadi 5 isikusumbue, kazi yake ni kuifanya nguo ivutike na kurudi.

Tahadhari: angalia mchanganyiko kwa jicho kali. Fulana inayotangazwa kuwa ya sufu inaweza kuwa na sufu asilimia 15 tu, na iliyobaki ni akriliki au pamba. Nguo hufuata tabia ya uzi ulio mwingi. Sufu ikipungua chini ya nusu, usitegemee izuie harufu kama sufu.

## Hatua ya 3: Pima maji kwa mizani

Hiki ndicho kipimo ninachokisisitiza kuliko vyote. Wengi hudondosha tone la maji kwenye kitambaa, na likinywewa haraka wanasema nguo inavuta jasho vizuri. Kipimo hicho kinadanganya. Pamba inanyonya tone upesi kabisa, na sufu nzuri inaweza kuliacha tone likae juu. La kujua ni maji kiasi gani yanabaki, na kwa muda gani.

Fanya hivi:

1. Pima fulana ikiwa kavu, uandike gramu zake.
2. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, ukiibonyeza hadi viputo vya hewa viishe.
3. Ikamue kwa mikono. Ya sufu usiisokote, ibonyeze tu.
4. Ilaze juu ya taulo, zungusha vyote pamoja kama mkeka, ubonyeze kwa nguvu, kisha ifungue.
5. Pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo maji yaliyobaki.
6. Ianike chumbani, mbali na hita, uipime kila nusu saa hadi irudi karibu na uzito wake wa mwanzo.

Rudia kwa kila fulana, ukitumia taulo kavu kila mara.

Ili namba ziwe na maana, chukua mfano. Tuseme fulana kavu ni gramu 180, na baada ya taulo ni gramu 300. Imebeba gramu 120 za maji. Kukausha gramu moja ya maji kwenye ngozi kunahitaji joto la takriban kilojuli 2.4, hivyo gramu 120 zinadai kama kilojuli 288. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Yaani, kama joto lote la kuikausha lingetoka mwilini, lingekula karibu dakika 48 za joto lako lote. Hapo unaelewa kwa nini mtu aliyelowa anatetemeka hata akiwa na koti zuri juu.

Polista itakuwa na maji machache na itakauka kwanza. Uzi wenyewe haunywi, maji yanakaa katikati ya nyuzi tu. Pamba itabaki nzito muda mrefu, kwa sababu maji yameingia ndani ya uzi na pia yamejaa kati ya nyuzi.

Sufu inawashangaza watu hapa: nayo inabeba maji mengi na inakauka polepole kuliko polista. Wanaosema sufu hukauka haraka wanakosea, na ni vizuri ulione hilo mwenyewe kwenye mizani.

## Hatua ya 4: Elewa kwa nini sufu iliyolowa bado ina joto

Kama sufu nayo inalowa, kwa nini isiwekwe pamoja na pamba? Shika zote mbili zikiwa na unyevu, uzibandike kwenye mkono wa ndani, juu ya kiwiko. Pamba inalala na kunata kama karatasi iliyolowa. Sufu inabaki imenyanyuka kidogo.

Uzi wa sufu umejikunja kwa asili, na mikunjo hiyo haifi upesi ikilowa. Kati ya mikunjo kuna hewa, na hewa ndiyo inayozuia joto lisitoroke. Pamba ikilowa, vifuko vya hewa vinaporomoka, maji yanachukua nafasi, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu.

Jambo la pili ni kwamba sufu hunywa mvuke kabla haujawa maji. Inaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake na bado ngozi isihisi imelowa. Inapoufyonza, inatoa joto kidogo. Usilitegemee sana joto hilo. Linakoma uzi ukishajaa. Faida kubwa ni kwamba ngozi inabaki kavu katika jasho dogo, lile la kutembea kawaida na si la kukimbia.

Polista inatumia njia nyingine. Haihifadhi chochote, inasambaza jasho juu ya eneo pana ili likauke upesi. Katika jasho jingi linaloendelea, njia hii inaishinda sufu. Lakini ukisimama ghafla, unaweza kupata ubaridi mkali wa dakika chache wakati jasho linapokauka lote kwa mkupuo.

Tahadhari ya moto: polista, nailoni na polipropilini huyeyuka zikishika moto, na zinaweza kugandia ngozi. Anayechomelea vyuma au kukaa karibu na moto wazi achague sufu ngozini.

## Hatua ya 5: Chagua uzito, na usikimbilie mzito

Fulana nyingi za kazi hii huandikwa uzito wa kitambaa kwa g/m², yaani gramu kwa mita moja ya mraba. Kuanzia 120 hadi 160 ni nyepesi. Karibu na 200 ni ya kati. Kuanzia 250 kwenda juu ni nzito.

Kosa ninaloliona zaidi ni kununua 250 kwa matembezi. Fulana nzito inakufanya utoke jasho mapema, na jasho hilo ndilo linalokugandisha baadaye. Kwa anayetembea, nyepesi ngozini na sweta juu yake ni bora, kwa kuwa sweta unaweza kulivua na fulana huwezi. Nzito iachie kazi ya kukaa: mlinzi wa lindo, mvuvi anayengoja, mtazamaji uwanjani.

Ukiweza, chukua yenye zipu fupi shingoni. Kuifungua kwa sentimita chache wakati wa kupanda mlima kunapunguza jasho kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 6: Ivae, inua mikono, inama

Kitambaa kisichogusa ngozi hakiwezi kuondoa jasho. Vaa fulana bila kitu chini yake, inua mikono juu kabisa, kisha iname kama unafunga kamba za viatu. Angalia sehemu tatu: kwapa, katikati ya mgongo na kiuno. Kitambaa kinatakiwa kiguse kote bila kubana, na upindo usipande hadi kiuno kiwe wazi. Ikiacha alama nyekundu kwenye kwapa au kifundo cha mkono baada ya dakika kumi, imebana mno.

Kwa sufu, pima pia mwasho. Isugue pole pole shingoni na upande wa ndani wa kiwiko, si viganjani, maana ngozi ya kiganja ni ngumu. Mwasho unatokana na ncha za nyuzi nene zinazochoma ngozi, hasa zinazozidi mikroni 30 hivi. Sufu yenye wastani wa mikroni 19 au chini ina nyuzi chache sana za aina hiyo. Ikikuwasha dukani, nyumbani itakuwasha zaidi ukishatoka jasho.

Tahadhari: usivae fulana au singlendi ya pamba chini ya hii uliyoichagua kwa bidii. Wapo wanaofanya hivyo ili kuikinga sufu isichafuke. Pamba ndiyo itakayolowa, nayo ndiyo itakayokaa ngozini. Sidiria ya pamba nzito huleta tatizo hilo hilo kifuani na mgongoni.

## Hatua ya 7: Pima harufu kwa usiku mmoja

Jasho lenyewe karibu halinuki. Harufu hutengenezwa na bakteria wa kwapani wanapokula vilivyomo kwenye jasho. Swali la kitambaa ni moja: harufu hiyo ikishatokea, inaachiliwa hewani au inazuiliwa?

Vaa fulana siku nzima. Jioni ianike sehemu yenye hewa, usiifue, wala usiifungie kwenye begi. Asubuhi inuse kwapani ikiwa baridi na kavu. Kisha, na hili wengi hawalifanyi, ivae dakika kumi ndani ya nyumba uinuse tena ikishapata joto la mwili.

Polista inaweza kufaulu kipimo cha kwanza na kuanguka vibaya cha pili. Inapenda mafuta, na harufu za kwapa nyingi ni za asili ya mafuta. Zinagandia juu ya uzi, zinabaki hata baada ya kufuliwa, na joto likija zinaamka. Ndiyo maana fulana ya michezo iliyotumika mwaka mzima hunuka dakika chache tu baada ya kuvaliwa, ingawa imetoka kwenye sabuni.

Sufu inameza harufu ndani ya uzi pamoja na unyevu, na inaziachia polepole inapopigwa na hewa au inapofuliwa. Haiui bakteria wote, kama wengine wanavyodai. Inazuia tu harufu isikufikie puani. Kwa watu wengi, fulana ya merino ikianikwa kila usiku huvaliwa siku kadhaa bila aibu.

Pamba iko katikati. Inanuka kidogo kuliko polista na inafulika vizuri sana. Kama isingekuwa na tatizo la maji, ingestahili heshima zaidi.

Polista yenye dawa ya fedha ya kuzuia bakteria inasaidia ikiwa mpya. Dawa hupungua kadiri nguo inavyofuliwa, kwa hiyo usiilipie kana kwamba ni ya kudumu.

## Hatua ya 8: Amua, kwa mfano wa mtu mmoja

Chukua mtu ambaye karatasi yake ya hatua ya kwanza inasema hivi: anatembea kwa kasi dakika 25 akiwa na begi mgongoni, nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Anasimama kituoni dakika 15. Kisha anakaa saa nane ndani ya ofisi yenye joto, karibu na wenzake, na anarudi vile vile jioni. Anafua mara moja kwa wiki.

Pamba imetoka, kwa sababu ya zile dakika 15. Mgongo chini ya begi utakuwa umelowa, na hautakauka kabla gari halijafika.

Polista ingemfikisha kituoni salama kuliko zote. Tatizo lake linaanza ofisini: saa nane za joto la mwili juu ya jasho la asubuhi, kisha kesho yake tena bila kufua. Kwa mtu huyu, harufu ndiyo inayoamua.

Jibu ni merino ya g/m² 150 hivi, yenye zipu fupi, mbili za kubadilishana. Sweta linakaa kwenye begi wakati wa kutembea na linavaliwa akifika kituoni, siyo kabla. Usumbufu mmoja atakaoukuta ni kutoboka: begi husugua mabega na kiuno, na merino nyepesi safi haina uimara wa kudumu chini ya mikanda. Akiona kitambaa kinameta au kuwa chepesi hapo, ya pili anunue mchanganyiko wa merino na nailoni, sufu ikiwa nyingi.

Badilisha kitu kimoja na jibu linageuka. Kama mtu huyo angekuwa anapakia mizigo nje siku nzima na kufua kila jioni, ningempa polista nyepesi bila kusita: inakauka usiku mmoja, inavumilia kusuguliwa, na harufu haipati siku ya pili ya kukomaa. Na kama angekuwa mtu wa kukaa ndani ya nyumba baridi, asiyetoka jasho, pamba yake ya zamani ingemtosha kabisa.

## Hatua ya 9: Ifue bila kuiharibu

Sufu: ifue kwa maji ya nyuzi 30, ikiwa imegeuzwa nje-ndani, kwa sabuni ya sufu. Sabuni nyingi za kawaida za kufulia zina vimeng'enya vya kuvunja protini ili kuondoa madoa ya damu na chakula, na sufu yenyewe ni protini. Usitumie dawa ya klorini. Ilaze bapa ikauke, kwani ikining'inizwa ikiwa nzito kwa maji huvutika. Kabla ya kuihifadhi msimu ukiisha, ifue kwanza. Mabuu ya nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili.

Polista: ifue mapema, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kabla mafuta hayajashika. Usiweke dawa ya kulainisha nguo. Inaacha utando juu ya uzi, jasho linashindwa kusambaa, na harufu inapata pa kujificha. Fulana iliyokwisha kushika harufu iloweke kwa saa moja kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kisha uifue kama kawaida na uirudishe kwenye kipimo cha dakika kumi cha hatua ya 7. Ikinuka tena baada ya kulowekwa mara mbili, ihamishie kwenye nguo za kufanyia usafi na usiirudishe kwenye begi la kazini.